Shahada mkononi, ajira foleni: kusubiri kwa walimu wahitimu wa Kasese na Bwera

Katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, kuna kundi la vijana ambalo ni vigumu kulihesabu. Wamemaliza chuo kikuu, wamevaa joho, wamepigwa picha na wazazi, kisha wamerudi nyumbani. Hawako shuleni tena, wala hawajaingia kazini kwa maana ambayo familia zao huipa kazi. Wengi wao wamesomea ualimu, kwa kuwa ndiyo taaluma ambayo mzazi wa vijijini huiona kila siku na kuiamini. Wapo katika mji wa Kasese, wapo Bwera na Mpondwe kwenye mpaka wa Kongo, na wapo katika vijiji vya miteremko ya Ruwenzori. Makala haya yanaeleza jinsi foleni ya ajira inavyofanya kazi, kwa nini inakwama, na kwa nini kusubiri ndani yake huwa kuzito zaidi kuliko ukosefu wa pesa peke yake.

"Kazi" ina maana gani Kasese

Mji wa Kasese ulikua kwa sababu ya kazi ya mshahara. Reli kutoka Kampala ilifika huko mwaka 1956, mwaka ule ule ambao shaba ya Kilembe ilianza kuchimbwa kwa wingi. Kampuni ya mgodi iliwapa wafanyakazi wake nyumba, hospitali na shule za watoto. Mgodi ulipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, mshahara uliondoka, lakini picha yake ilibaki vichwani mwa watu: kazi ni kitu chenye barua, chenye tarehe ya malipo, na chenye mwajiri anayejulikana kwa jina.

Baadaye kiwanda cha kobalti kilichakata mabaki ya mgodi huo, nacho kikafunga malango katika muongo wa 2010 malighafi ilipokwisha. Kiwanda cha saruji cha Hima kinaendelea, lakini hakihitaji mamia ya wahitimu wa historia na fasihi. Wengine wote wanaishi kwa kahawa, pamba, chumvi ya Katwe, uvuvi, kilimo cha umwagiliaji cha Mubuku, na biashara ya mpakani baina ya Mpondwe na Kasindi. Shughuli hizi hulisha familia na kulipa karo, lakini ni nadra mzazi kuziita kazi pale anapomzungumzia mtoto aliyesoma. Baba anayeuza kahawa ili mwanawe aende chuo kikuu anakusudia kumtoa kwenye kahawa. Mtoto akirudi kuichuma, ni kana kwamba safari yote imerudi ilikoanzia.

Takwimu za taifa nazo zina maana yake ya kazi. Kwa kipimo cha kimataifa, mtu huhesabiwa kuwa hana ajira iwapo katika kipindi cha uchunguzi hakufanya hata saa moja ya kazi ya malipo au faida, yuko tayari kufanya kazi, na amekuwa akiitafuta. Mhitimu aliyeuza nguo za mitumba kwa saa tatu siku ya soko Bwera anahesabiwa kuwa ameajiriwa. Aliyekata tamaa na kuacha kutuma maombi hahesabiwi kuwa ameajiriwa, wala hahesabiwi kuwa anakosa ajira. Anatajwa kuwa nje ya nguvukazi. Ndiyo maana kiwango rasmi cha ukosefu wa ajira kinaweza kuonekana kidogo huku karibu kila ukoo ukiwa na mhitimu mmoja aliyekaa nyumbani.

Foleni mbili, milango miwili

Jambo la kwanza ambalo familia nyingi hazilijui ni kwamba hakuna foleni moja ya walimu. Walimu wa shule za msingi za serikali na wahudumu wengi wa afya wa wilaya huajiriwa kupitia Tume ya Utumishi ya Wilaya, chombo kinachotajwa katika Katiba ya Uganda ya mwaka 1995. Walimu wa shule za sekondari za serikali, ambao ndio wengi miongoni mwa wenye shahada, huajiriwa na Tume ya Utumishi wa Elimu iliyoko Kampala. Mzazi anayemsihi diwani wake amsaidie binti mwenye shahada ya ualimu wa sekondari anabisha mlango usio wake. Diwani anaweza kukubali kwa heshima, na miezi ikapita bila mtu yeyote kusema ukweli huo.

Katika milango yote miwili hatua zinafanana. Kwanza kuwe na nafasi iliyo wazi katika muundo uliopitishwa. Pili, kuwe na fedha za mshahara wa nafasi hiyo, na Wizara ya Utumishi wa Umma iruhusu ijazwe. Tatu, tangazo hutolewa magazetini na kwenye mbao za matangazo, au kwenye mtandao wa tume husika. Nne, mwombaji hujaza fomu na kuambatanisha nakala za vyeti, hati ya kusajiliwa kuwa mwalimu na kitambulisho cha taifa. Tano, majina huchujwa, waliobaki huitwa kwenye mtihani au usaili wa ana kwa ana, kisha tume hukaa na kuandika uamuzi wake katika kumbukumbu za kikao. Ndipo barua ya uteuzi hutolewa. Kwa ajira za wilaya, na Afisa Mtawala Mkuu. Mwisho, mwalimu huripoti kituoni na kuingizwa kwenye orodha ya malipo. Hatua hiyo ya mwisho nayo ina foleni yake, na wapo wanaofundisha kwa miezi kadhaa kabla mshahara wa kwanza haujaonekana.

Foleni hukwama zaidi katika hatua ya pili. Shule inaweza kuwa na nafasi tano tupu na kijiji hicho hicho kikawa na walimu watano wasio na kazi, wasikutane kamwe, kwa sababu nafasi bila fungu la mshahara ni nafasi ya karatasini tu. Shule hujaza pengo hilo kwa kumlipa mwalimu kutoka michango ya wazazi, kwa kiwango kidogo na bila barua ya serikali. Kikwazo kingine ni cha tume yenyewe. Wajumbe wa tume ya wilaya huteuliwa na baraza la wilaya kwa idhini ya Tume ya Utumishi wa Umma, nao hukaa kwa kipindi cha miaka minne. Kipindi kikiisha kabla wapya hawajaidhinishwa, ajira za wilaya nzima husimama, hata kama fedha zipo.

Maombi mengine huanguka kwa sababu ndogo ambayo ina uzito wa pekee katika eneo hili. Miongoni mwa Wakonzo, mtoto hupewa jina kulingana na nafasi yake ya kuzaliwa: Mumbere ni mvulana wa kwanza, Bwambale wa pili, Masereka wa tatu, Masika ni msichana wa kwanza. Darasa moja huweza kuwa na akina Bwambale wengi, na majina ya pili huongezwa, hupunguzwa au hubadilishwa mpangilio kutoka cheti cha msingi hadi cha sekondari, na kutoka hapo hadi kitambulisho cha taifa. Herufi moja iliyozidi haimsumbui mtu kanisani wala msikitini. Kwenye mchujo wa ajira na kwenye orodha ya malipo, inaweza kumwondoa mtu mwenye sifa zote. Anayegundua tofauti hiyo wakati tangazo limekwisha kutoka huwa amechelewa, kwa kuwa kiapo cha kisheria na marekebisho ya kitambulisho huchukua muda, ilhali tangazo lina siku ya mwisho.

Pale kazi inapouzwa

Kila foleni ndefu huzaa watu wanaodai kuwa wanaweza kuifupisha. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali imewachunguza na kuwafikisha mahakamani wajumbe na maofisa wa tume za wilaya mbalimbali nchini kwa tuhuma za kuuza nafasi. Nyuma yao wapo matapeli wasio na cheo chochote, wanaochukua pesa na kukabidhi barua ya kughushi.

Kuna njia za kutambua. Kuomba kazi ya serikali hakulipiwi, kwa hiyo mtu anayetaja "pesa ya fomu" au "pesa ya wakubwa" tayari amejitambulisha. Barua halali ya uteuzi hutaja namba ya kumbukumbu ya kikao cha tume kilichofanya uamuzi, na namba hiyo inaweza kuthibitishwa katika ofisi ya rasilimali watu ya wilaya au katika tume yenyewe. Barua iliyotangulia usaili, au iliyotoka bila tangazo, haiwezi kuwa na kikao nyuma yake. Madhara ya utapeli huu hayaishii kwenye pesa. Familia iliyouza ng'ombe ili kununua kazi ambayo haipo huona aibu kushtaki, kwa sababu yenyewe ilikuwa tayari kutoa rushwa. Kijana naye hubeba hasara mbili, ile ya karo na ile ya hongo, huku akijua kwamba ng'ombe yule angesomesha mdogo wake.

Hesabu ya deni lisiloandikwa

Ili kuelewa uzito wa matarajio ya familia, yafaa kuipiga hesabu ya kijana mmoja wa mfano. Ni mvulana wa kwanza katika familia inayolima kahawa juu ya Bwera, aliyesomea ualimu wa masomo ya sanaa kwa miaka mitatu kwa gharama ya nyumbani. Tuseme ada ni shilingi 900,000 kwa muhula, na chumba na chakula ni 700,000. Kwa mihula sita hiyo ni shilingi milioni 9.6. Tukiongeza 800,000 za vipindi viwili vya mazoezi ya kufundisha, jumla inakuwa milioni 10.4. Pesa hiyo imetoka katika misimu kadhaa ya kahawa, kipande cha shamba kilichouzwa, na mkopo wa mama katika kikundi cha akiba.

Sasa amehitimu, na shule moja binafsi imempa vipindi kwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Shule nyingi za namna hiyo hazilipi wakati wa likizo, kwa hiyo kwa mwaka anapata miezi tisa, yaani milioni 2.7. Akiishi kwa shilingi 180,000 kwa mwezi kwa miezi 12, anatumia milioni 2.16. Kinachobaki ni 540,000 kwa mwaka mzima. Kwa kasi hiyo, kuirudishia familia ilichotumia kungemchukua zaidi ya miaka 19, bila kuhesabu kodi, ugonjwa wala harusi yake mwenyewe.

Akipata nafasi ya serikali hesabu inageuka kabisa. Mwalimu wa sanaa mwenye shahada katika sekondari ya serikali amekuwa akilipwa takriban shilingi milioni 1.08 kwa mwezi. Kodi ya mapato huchukua kama 225,000, akabaki na karibu 850,000. Akitumia 250,000 kuishi, anaweza kuweka kando 600,000, na milioni 10.4 hurudi katika muda wa miezi 18 hivi. Tofauti baina ya miaka 19 na mwaka mmoja na nusu ndiyo inayofanya familia ione kila kazi nyingine kuwa ni ya kupitisha muda, na kumfanya kijana akatae kujifunga na shughuli itakayomzuia kwenda usaili akiitwa.

Deni hili lina sifa nyingine: halina mkataba. Mhitimu aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Kugharamia Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, anajua kiasi anachodaiwa na kwamba anapewa mwaka mmoja baada ya masomo kabla ya kuanza kulipa. Deni la nyumbani halina kiasi kilichotajwa wala tarehe ya mwisho. Baba hasemi "nirudishie milioni kumi." Anasema tu kwamba mdogo wake amerudishwa shule kwa karo. Mama hasemi chochote, ila anataja kwamba mtoto wa jirani amejenga. Kwa mzaliwa wa kwanza, jina lenyewe ni ukumbusho: anayeitwa Mumbere kila siku hukumbushwa kwamba wapo wanaomfuata. Kwa Masika kuna swali la pili linalofuatana na la kazi, nalo ni la ndoa. Mara nyingi jamaa huyauliza yote mawili kwa pumzi moja, kana kwamba moja linaweza kulipia jingine.

Wazazi nao wana hoja. "Mchumia juani hulia kivulini," husema wahenga, na mzazi amechuma juani kwa miaka mingi. Kizazi chake kilimwona mwalimu au karani aliyesoma miaka michache tu akipata kazi mara moja. Elimu ya msingi bila ada iliyoanza mwaka 1997, na ile ya sekondari iliyofuata mwaka 2007, pamoja na kuongezeka kwa vyuo vikuu vya binafsi, vimezidisha idadi ya wenye vyeti kwa kasi ambayo nafasi za mshahara hazikuifuata. Mzazi aliona upande mmoja tu wa mabadiliko hayo, yaani kwamba mlango wa shule umefunguka.

Wenzao wa darasa moja

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Leon Festinger alieleza kwamba watu hujipima kwa kuwatazama wale wanaofanana nao, wala si kwa kuwatazama walio mbali nao. Mhitimu wa Bwera hakosi usingizi kwa sababu ya tajiri wa Kampala. Anakosa usingizi kwa sababu ya yule aliyeketi naye dawati moja, aliyepata alama pungufu kuliko yeye.

Nchini Uganda sera ya mishahara imeupa ulinganisho huo tarakimu. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2022/23, serikali ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada katika shule za sekondari hadi shilingi milioni nne kwa mwezi, huku wenzao wa sanaa wakibaki na milioni moja na kidogo. Baada ya kodi, wa sayansi hupokea takriban milioni 2.9 na wa sanaa karibu 850,000. Walimu waligoma mwezi Juni mwaka 2022, na walimu wa sanaa wakagoma tena Juni 2025. Kwa aliye nje ya foleni, maana yake ni kwamba uchaguzi alioufanya akiwa na miaka 16, alipochagua historia badala ya fizikia, labda kwa sababu shule yake haikuwa na maabara, umekuwa ukuta kati yake na rafiki yake. Lakini uchaguzi huo hauonekani tena. Kinachoonekana kijijini ni kwamba mmoja amefaulu na mwingine amekaa.

Kundi la WhatsApp la darasa hulikoleza jambo hili kwa namna ambayo yafaa kuitazama kwa makini. Katika kundi la watu 60, anayepata barua ya uteuzi huiweka pale siku hiyo hiyo. Anayefunga ndoa huweka picha, na anayenunua gari huweka picha. Asiyepata kitu hunyamaza, au huondoka kimyakimya. Tuseme katika mwaka mmoja watu 12 wamepata kazi na 48 hawajapata. Msomaji wa kundi hilo ataona pongezi 12, moja kila mwezi, na hataona tangazo hata moja la wale 48. Atahisi kwamba kila mtu anasonga isipokuwa yeye, ilhali ukweli ni kwamba wanne kati ya watano wako hali moja naye. Anayetaka kujua anaposimama hana budi kuchukua orodha ya majina ya darasa na kuuliza jina moja moja.

Ulinganisho huu pia huwasukuma vijana kwenye maamuzi ya haraka. Wapo wanaokubali kazi za ulinzi au za nyumbani katika nchi za Ghuba kupitia wakala ambaye hawakumchunguza. Uganda ina utaratibu wa kuwapa leseni wakala hao kupitia Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na orodha ya wenye leseni hutolewa na wizara. Mtu anayesafirishwa kwa hati ya utalii, au anayeambiwa apitie nchi jirani kwanza, yuko nje ya utaratibu huo, na akipata matatizo huko hatakuwa na mkataba wa kumtetea.

Wasiwasi wa kawaida na ugonjwa

Kuhofia siku zijazo ukiwa huna kazi si ugonjwa. Ni akili inayofanya hesabu iliyo mbele yake. Wahudumu wa afya hutazama mambo matatu ili kutofautisha: muda, upana na utendaji. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu inayodumu karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, inahitaji kuchunguzwa. Wasiwasi uliodumu kwa miezi, ukaenea kutoka suala la kazi hadi kila jambo, ukaleta kukosa usingizi, moyo kwenda mbio, maumivu ya kichwa au ya tumbo, nao vilevile. Dalili ya tatu ni pale mtu anapoacha kufanya yale aliyoyamudu: haogi, hajibu simu, haendi tena kanisani, msikitini wala sokoni, au anaanza kunywa pombe asubuhi.

Katika jamii nyingi za Uganda watu hawatumii majina ya hospitali kwa hali hii. Husema mtu "anawaza sana." Ni kauli yenye busara, lakini ina hatari moja, kwamba jibu lake huwa ni "acha kuwaza." Kijana akizungumzia kufa au kusema kwamba familia ingekuwa nafuu bila yeye, hapo si pa kusubiri. Asiachwe peke yake, dawa za kuua wadudu shambani zifungiwe, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Bwera kuna hospitali ya serikali, na mgonjwa anayehitaji uangalizi zaidi huweza kupewa rufaa hadi hospitali ya mkoa ya Fort Portal.

Uganda yenyewe imechangia elimu muhimu kuhusu tiba ya hali hii. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vijiji vya kusini mwa nchi, maeneo ya Masaka na Rakai, ambako watu wenye msongo mkubwa walikutana katika vikundi kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa huko huko waliopewa mafunzo. Walipona kwa kiwango kikubwa kuliko wale ambao hawakupata vikundi hivyo. Tiba hiyo huangalia chanzo cha huzuni katika mahusiano, kikiwemo kifo cha mpendwa, ugomvi na mabadiliko ya nafasi ya mtu katika maisha. Hilo la mwisho ndilo linalomhusu mhitimu. Jana alikuwa mwanafunzi, cheo chenye heshima na jina. Leo si mwanafunzi na si mwalimu, na lugha ya nyumbani haina neno la kumwita. Mtafiti wa Msumbiji, Alcinda Honwana, katika kitabu alichokichapisha mwaka 2012, aliwaeleza vijana wa Afrika wa namna hii kuwa wamekwama baina ya utoto na utu uzima, si kwa kukosa umri bali kwa kukosa njia ya kuvuka.

Yanayopunguza uzito, na mipaka yake

Familia zinazopita kipindi hiki bila kuvunjika mara nyingi ni zile zilizolifanya deni lisilosemwa kuwa mazungumzo yanayosemwa. Mzazi na mtoto huketi, pengine mbele ya baba mdogo au shangazi, na kukubaliana mambo mawili yenye kipimo: mhitimu atachangia kiasi gani kwa sasa, hata kama ni karo ya mdogo mmoja tu kwa muhula mmoja, na foleni ya serikali itasubiriwa mpaka lini kabla ya kupewa nafasi ya pili nyuma ya shughuli nyingine. Hadi siku hiyo, shughuli nyingine hufanywa kwa ridhaa ya wote, bila kuonekana kuwa ni kushindwa.

Shughuli hizo zipo, lakini kila moja ina mpaka wake. Mikopo ya Mpango wa Maendeleo wa Parokia, uliozinduliwa mwaka 2022, hufika hadi shilingi milioni moja kwa kaya. Inaweza kuanzisha mradi wa kuku au miche ya kahawa, lakini haitoshi kuajiri mtu, na inalenga kaya wala si shahada ya mtu. Biashara ya Mpondwe hulipa haraka, lakini husimama kila hali ya usalama inapoharibika upande wa Kongo. Kufundisha katika shule binafsi hulipa kidogo, ila humpa mwalimu uzoefu wa kuueleza mbele ya tume, mradi aidai shule barua inayothibitisha miaka yake.

Kwa mhitimu wa masomo ya sanaa, kuna mwanya mmoja unaolihusu eneo hili moja kwa moja. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 uliifanya lugha ya Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Bwera ni miongoni mwa sehemu za Uganda ambako Kiswahili husikika sokoni kila siku. Hata hivyo, kukizungumza sokoni si sifa ya kukifundisha. Mwalimu anahitaji Kiswahili miongoni mwa masomo yake ya shahada au cheti cha ziada kinachotambuliwa na wizara, na nafasi zenyewe hurudi kwenye kikwazo kile kile cha fungu la mshahara.

Kwa hiyo, anayesubiri ana kalenda moja ya kuifuata. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza Julai 1, na bajeti husomwa mwezi Juni. Ni katika makadirio ya bajeti, kabla ya tangazo lolote, ndipo hujulikana kama kuna fedha za walimu wapya kwa mwaka huo. Mhitimu ambaye majina yake yanafanana katika vyeti vyote, usajili wake wa ualimu umekamilika na nakala ziko tayari kufikia mwezi huo, anaweza kuijibu siku ya tangazo. Familia inayojua kwamba makadirio ya mwaka huo hayana fungu jipya nayo inaweza kulipumzisha kwa miezi kadhaa lile swali linaloulizwa kila jioni.